Nyuma ya Asilimia 40

Katika ripoti ya mwaka ya Safaricom kuna ukurasa ambao wasomaji wengi huupita haraka, kwa sababu hauna picha wala maneno ya mwenyekiti. Ni orodha ya wanahisa wakubwa. Kwa miaka mingi mistari yake miwili ya juu haikubadilika: Vodafone Kenya Limited, karibu asilimia 40; Hazina ya Taifa ya Kenya, asilimia 35. Asilimia 25 zilizobaki ni za umma, zile zilizouzwa kwa shilingi 5 kila hisa mwaka 2008, wakati watu walipanga foleni kwenye mabenki ya Nairobi na Mombasa wakiwa wamekopa ili wasipitwe.

Mtu akitaka kujua Safaricom ni ya nani, hufika hapa, huona neno Vodafone, na kujijibu kwamba ni ya Waingereza. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limetolewa mapema mno. Vodafone Kenya Limited si Vodafone ya London. Ni kampuni nyingine kabisa, iliyoandikishwa Kenya, yenye cheti chake, wakurugenzi wake na wanahisa wake. Haiuzi laini za simu wala haina duka. Kazi yake ni moja: kushika hisa za Safaricom kwa niaba ya walio juu yake. Kampuni za aina hii ndizo huwasumbua wafuatiliaji, na katika sura hii nataka tuikalie hiyo moja, kwa sababu karibu kila hila na kila kosa la kufuatilia umiliki limewahi kupita ndani yake.

Tuanze na jambo ambalo linapaswa kufanywa kabla ya kufungua rejista yoyote, nalo ni kutenganisha chapa na kampuni. Jina unaloliona ukutani au kwenye simu ni alama ya biashara, na alama ya biashara ni mali kama kiwanja. Inaweza kuwa na mwenyewe tofauti na anayeitumia. M-Pesa ni mfano mzuri. Huduma ilianzishwa na Safaricom mwaka 2007 na Wakenya wakaifanya kuwa sehemu ya maisha yao, lakini jina na mfumo vilikuwa vya Vodafone, na Safaricom ilikuwa ikilipa ada ili kuvitumia. Ni mwaka 2020 tu ambapo Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini zilikamilisha kuinunua chapa hiyo kutoka Vodafone, kupitia kampuni ya ubia ambayo kila mmoja ana nusu. Kwa hiyo aliyeuliza mwaka 2015 "M-Pesa ni ya nani?" alihitaji kufuata minyororo miwili, mmoja wa kampuni iliyompa huduma na mwingine wa jina lenyewe, na minyororo hiyo haikupita njia moja. Kwa Mtanzania mambo yalikuwa tofauti tena: M-Pesa yake inatoka Vodacom Tanzania, kampuni iliyoingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2017, wala Safaricom haimo katika umiliki wake. Jina ni lile lile, lakini wenye mali ni wengine.

Turudi kwenye asilimia 40. Kutoka kwenye ripoti ya Safaricom umepata jina la mwanahisa, na hapo ripoti inakomea. Safaricom inawajibika kusema nani ameandikwa kwenye daftari lake. Haiwajibiki kueleza walio nyuma ya aliyeandikwa. Hatua inayofuata ni kwa Msajili wa Makampuni wa Kenya, ambako mtu yeyote anaweza kulipa ada ndogo na kuomba hati inayojulikana kama CR12. Hiyo ni karatasi inayoorodhesha wakurugenzi wa kampuni na wanahisa wake, na mawakili wa Nairobi huitumia kila siku kabla ya kusaini mkataba wowote. Tanzania kazi hiyo hufanywa na BRELA. Udhaifu wa CR12 ni kwamba inakupandisha ngazi moja tu. Ukikuta mwanahisa ni kampuni ya Uholanzi, msajili wa Kenya hana lolote zaidi la kukuambia. Inabidi uhamie rejista ya Uholanzi na kuanza upya.

Kwa sababu hiyo, anayeijua kazi hii hachimbi kutoka chini peke yake. Huchimba pia kutoka juu. Sheria ya makampuni ya Uingereza ya mwaka 2006 inazilazimisha kampuni za huko kutaja ndani ya hesabu zao kila kampuni tanzu na kila kampuni ambayo zina sehemu kubwa ndani yake, nchi iliyoandikishwa, anwani na kiwango cha hisa. Ripoti ya mwaka ya Vodafone Group Plc, ambayo ni bure mtandaoni, ina kurasa kadhaa za herufi ndogo ndogo kuelekea mwishoni, zimepangwa kwa nchi. Ukishuka hadi Kenya unakutana na Vodafone Kenya Limited, safari hii ukiitazama kutoka upande wa wenyewe. Ripoti ya Vodacom Group nayo inaeleza upande wake. Ukiweka CR12 na ripoti hizo mezani pamoja, nambari zinapaswa kukutana. Zisipokutana, ama umekosea mwaka, ama kuna mtu kati ambaye hajatajwa.

Mwanzoni mwa karne hii alikuwepo mtu kati kama huyo.

Vodafone iliingia Safaricom mwaka 2000 kwa kuchukua asilimia 40, wakati huo mwenye asilimia 60 akiwa shirika la simu la serikali, Telkom Kenya. Kwenye daftari la Safaricom mwanahisa aliandikwa Vodafone Kenya Limited, na kila aliyesoma aliamini kwamba asilimia 40 zote ni za Vodafone. Hazikuwa zote. Ndani ya Vodafone Kenya kulikuwa na mwanahisa mwingine aitwaye Mobitelea Ventures Limited, kampuni iliyoandikishwa mwaka 1999 huko Guernsey, kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa chenye sheria zake za kodi na usiri wake. Mobitelea ilipewa robo ya Vodafone Kenya. Robo ya 40 ni 10, kwa hiyo kampuni ambayo Mkenya wa kawaida hakuwahi kuisikia ilikuwa na sehemu ya kumi ya Safaricom bila jina lake kuonekana popote kwenye daftari la Safaricom. Mwaka 2003 Vodafone ilinunua tena nusu ya sehemu hiyo, na Mobitelea ikabaki na asilimia 12.5 ya Vodafone Kenya, sawa na asilimia 5 ya Safaricom.

Kamati ya Bunge la Kenya inayosimamia uwekezaji wa umma ililichunguza suala hili na kutoa taarifa mwaka 2007, kabla ya hisa kuuzwa kwa wananchi. Ilichokuta Guernsey ni fundisho kamili la jinsi mnyororo unavyokatwa. Wanahisa walioandikwa walikuwa kampuni za kushika hisa kwa niaba ya wengine. Wakurugenzi nao walikuwa kampuni, zenye anwani katika visiwa vya Karibi. Hakukuwa na jina la mtu mwenye mwili popote katika rejista. Kila karatasi ilikuwa halali, imepigwa muhuri na kulipiwa ada, na kila moja ilielekeza kwenye karatasi nyingine. Maswali yakaulizwa Nairobi na London, magazeti ya pande zote mbili yakaandika, lakini wananchi waliopanga foleni mwaka 2008 walinunua hisa bila rejista yoyote kuwaambia ni nani aliyekuwa akishika hizo asilimia 5 pamoja nao. Ilipofika 2017 Mobitelea haikuwamo tena, na Vodafone Kenya ilikuwa ya Vodafone kwa asilimia 100.

Dalili za mnyororo uliokatwa kwa makusudi hazijabadilika sana tangu wakati huo. Mkurugenzi ambaye ni kampuni badala ya mtu ni dalili ya kwanza. Anwani ambayo inatumiwa na mamia ya kampuni nyingine, kwa kawaida ofisi ya wakili au ya wakala wa uandikishaji, ni ya pili. Hata hivyo, usikimbilie kumshuku kila aliyeandikwa kwa niaba. Orodha ya wanahisa kumi wakubwa wa kampuni yoyote ya Soko la Hisa la Nairobi imejaa mistari yenye jina la benki, neno Nominees, na namba ya akaunti. Mara nyingi hapo hakuna siri ya kutisha: benki inawatunzia hisa mifuko ya pensheni na wawekezaji wa nje, kama mlinzi wa ghala anavyotunza magunia ya watu. Wenye mali wapo na benki inawajua. Ni wewe tu usiyewaona. Tofauti kati ya hali hiyo na ya Guernsey ni ukubwa wa fungu na ufunguo wake. Wawekezaji mia waliojificha nyuma ya akaunti ya benki hawaamui chochote. Mmoja aliyejificha ndani ya kampuni inayoshika asilimia 40 ameketi mahali ambapo maamuzi hutolewa.

Tangu sakata lile sheria zimesogea, ingawa kwa hatua za kobe. Uingereza ilifungua mwaka 2016 rejista ya watu wenye nguvu juu ya kampuni, na mtu yeyote anaweza kuisoma bure: unaandika jina la kampuni kwenye tovuti ya Companies House, unabonyeza `People`, kisha `Persons with significant control`. Kenya imezitaka kampuni kuwasilisha majina ya wamiliki manufaa tangu 2020, kuanzia mwenye asilimia 10, na Tanzania iliingiza masharti yake kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo huo. Guernsey nayo ina rejista kama hiyo, lakini haiko wazi kwa umma. Na hata iliyo wazi ina tundu lake. Kiwango cha Uingereza ni zaidi ya asilimia 25, hivyo ndugu wanne wakigawana robo robo sawasawa, hisa zao peke yake hazimfikishi hata mmoja kwenye kiwango cha kuandikwa. Ukikuta kampuni inayosema haina mtu wa kiwango hicho, hesabu kwanza wanahisa wake kabla ya kuamini.

Mwaka 2017 kampuni ya kati ilitumika tena, safari hii hadharani na kwa taratibu zote. Vodafone iliamua kuiweka Safaricom chini ya Vodacom Group, kampuni yake kubwa ya Afrika yenye makao Midrand, Afrika Kusini. Badala ya kuuza hisa za Safaricom, kampuni yake ya Uholanzi, Vodafone International Holdings B.V., iliipa Vodacom asilimia 87.5 ya Vodafone Kenya, na kulipwa kwa hisa mpya za Vodacom. Vodafone ilijibakizia asilimia 12.5, fungu lenye ukubwa ule ule uliowahi kuwa wa Mobitelea. Bilioni 16 za hisa za Safaricom zikabaki pale pale. Daftari la Safaricom halikubadilika hata nukta: asubuhi mwanahisa alikuwa Vodafone Kenya Limited, jioni alikuwa Vodafone Kenya Limited. Lakini mwenye sauti kubwa ndani yake alikuwa amehama kutoka London kwenda Midrand. Mtu anayefuatilia umiliki kwa kusoma daftari la kampuni moja angeweza kuapa kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu wengi huteleza. Chukua hali ilivyokuwa baada ya 2017, na tuseme Safaricom inagawa gawio la shilingi 100. Hazina ya Kenya inachukua 35 moja kwa moja. Umma unachukua 25. Vodafone Kenya inachukua 40, lakini hazikai pale: asilimia 87.5 yake, yaani shilingi 35, ni za Vodacom, na 5 ni za Vodafone. Vodacom yenyewe si ya Vodafone peke yake. Baada ya mabadiliko kadhaa, Vodafone ina zaidi kidogo ya asilimia 65 ya Vodacom; waliobaki ni wawekezaji wa soko la Johannesburg, wakiwamo watumishi wa serikali ya Afrika Kusini kupitia mfuko wao wa pensheni. Kwa hiyo katika zile 35, karibu 23 zinaenda kwa Vodafone na karibu 12 zinabaki kwa hao wengine. Ukijumlisha, London inapata kama shilingi 28 katika kila 100.

Tunaweza kupanda zaidi. Vodafone Group Plc iko sokoni na haina bwana mmoja, ila mwanahisa wake mkubwa kuliko wote, tangu 2022, ni kampuni ya simu ya Abu Dhabi iliyoitwa Etisalat na sasa inajiita e&. Mwaka 2023 ilikuwa na karibu asilimia 15. Na e& yenyewe, kwa asilimia 60, ni ya serikali ya shirikisho la Falme za Kiarabu kupitia mamlaka yake ya uwekezaji. Zidisha tena: katika shilingi 100 za mwanzo, kama 4 ni za e&, na kati ya hizo mbili na nusu ni za serikali ya Emarati. Kwa hesabu hii anayeneemeka zaidi na Safaricom kuliko mwingine yeyote alikuwa Hazina ya Kenya, akiwa na shilingi 35 ambazo hazipiti kwa mtu kati. Wale wanaosema kijiweni kwamba fedha zote zinakwenda Ulaya wangepaswa kuanzia hapo.

Ila kuzidisha kunajibu swali la fedha tu. Swali la nani anaamua lina kanuni nyingine, na anayezitumia kanuni hizi mbili kama ni moja hupotea. Anayeshika zaidi ya nusu ya kampuni huamua kura yote ya kampuni hiyo, wala si nusu yake. Vodafone ina asilimia 65 za Vodacom, basi inaiamuru Vodacom. Vodacom ina asilimia 87.5 za Vodafone Kenya, basi inaiamuru Vodafone Kenya. Kwa hiyo kura zote 40 za Vodafone Kenya katika mkutano wa Safaricom hufuata upande mmoja, ingawa fedha zinazowafikia wenyewe wa London ni 28. Hiyo ndiyo faida ya kampuni ya kushika hisa: unaamuru zaidi ya ulichokilipia. Mnyororo wa amri hukatika pale tu kiwango kinapokuwa chini ya nusu. e& na asilimia zake 15 inapata fedha na heshima ya mwanahisa mkubwa, lakini haiwezi peke yake kuiamuru Vodafone; kwa upande wa amri, safari ya kupanda inaishia London.

Na ngazi ya chini kabisa? Asilimia 40 si zaidi ya nusu. Kwa macho ya kihasibu Safaricom haikuwa kampuni tanzu ya mtu yeyote katika miaka hiyo. Vodacom iliiandika kama kampuni shirika, ikichukua sehemu yake ya faida kwa mstari mmoja bila kuunganisha mapato, madeni na mali zote. Hii ndiyo njia ya haraka ya kujua wenyewe wanajionaje: usisome matangazo, soma jinsi kampuni ya juu inavyoiandika ya chini kwenye hesabu zake. Mkaguzi hawezi kukubali iunganishwe kama hakuna mamlaka, na hawezi kukubali iachwe nje kama yapo. Sheria ya masoko ya Kenya kwa upande wake inaona mapema zaidi: asilimia 25 za kampuni iliyo sokoni zinatosha kumhesabu mtu kuwa na usukani, na anayefika hapo anatakiwa kujitolea kununua hisa za wengine isipokuwa mamlaka imsamehe. Kwa hiyo kampuni moja, mwaka mmoja, ilikuwa na mwenye usukani kwa kanuni za soko la Nairobi na haikuwa na kampuni mama kwa vitabu vya Midrand. Majibu yote mawili yalikuwa sahihi.

Desemba 2025 ukatangazwa mpango wa kubadilisha hayo. Serikali ya Kenya ilikubali kuiuzia Vodacom, kupitia Vodafone Kenya, asilimia 15 za Safaricom kwa shilingi 34 kila hisa, jumla ya zaidi ya shilingi bilioni 200, na yenyewe kubaki na asilimia 20. Vodafone nayo ilikubali kuipa Vodacom zile asilimia 5 zake. Magazeti yakaandika kwamba Vodacom inaongeza asilimia 20 na kufika 55, na kwamba Safaricom sasa itaunganishwa kwenye vitabu vyake kama kampuni tanzu. Mpango ulitangazwa ukisubiri vibali vya mamlaka.

Msomaji aliyefika hapa anaweza kukagua habari hiyo mwenyewe kwenye daftari. Hisa za serikali zinapohamia Vodafone Kenya Limited, mstari wa Hazina unashuka kutoka 35 hadi 20 na mstari wa Vodafone Kenya unapanda kutoka 40 hadi 55. Hizo ni asilimia 15 za kuhama, si 20. Tano zilizobaki hazitaonekana popote kwenye orodha ya wanahisa wa Safaricom, kwa sababu hazikuwahi kuwa hisa za Safaricom mikononi mwa Vodafone. Zilikuwa asilimia 12.5 za Vodafone Kenya. Ili kuziona zikihama itabidi uagize CR12 ya Vodafone Kenya na kutazama kama Vodacom imetoka asilimia 87.5 na kufika 100.